Una herufi 27 za kumtukana mtu

Shemeji yangu ni mtu wa filamu za kijambazi, na Kiingereza anakisikia vizuri. Juzi alinipigia simu usiku, hasira zimempanda kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. "Jamaa katukana matusi matatu ya nguoni kwa pumzi moja, halafu pale chini wameandika 'Potea, mshenzi'. Nyie wafasiri mnaogopa nini?" Nikamwuliza jamaa alitumia sekunde ngapi kuyasema hayo matusi matatu. Akacheka, akidhani nakwepa.

Sikuwa nakwepa. Lalamiko lake nimelisikia mara nyingi, na wanaolitoa huwa wameshapata jibu: ama mfasiri ni mwoga, ama bodi ya filamu imeingiza mkono, ama Kiswahili ni lugha ya adabu na matusi yake hayatoshi. Majibu yote matatu yanaweza kuwa kweli siku fulani. Lakini mara nyingi kilichopunguza makali ni kitu ambacho mtazamaji hakioni, nacho ni saa ya kuhesabu sekunde na rula ya kuhesabu herufi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Manukuu, ambayo wengi tunayaita sabtaito, ni yale maandishi yanayopita chini ya picha yakieleza kinachosemwa. Kila kipande kinachotokea na kupotea nitakiita nukuu. Kasi ya kusoma ni idadi ya herufi ambazo nukuu inamtaka msomaji azimeze kwa sekunde moja, na hapo nafasi kati ya maneno, koma na alama ya kuuliza vyote vinahesabiwa kama herufi. Nikisema ukali wa tusi, sina maana ya uchafu wa neno lenyewe. Nazungumzia kiasi ambacho linamchoma anayelipokea, au anayeliona likirushwa.

Sasa vipimo. Netflix, ambao mwongozo wao uko wazi kwa yeyote kuusoma, wanaruhusu mistari isiyozidi miwili, na kwa lugha nyingi za herufi za Kilatini kila mstari unaishia kwenye herufi 42. Nukuu haikai chini ya takriban sekunde 0.83 wala haizidi sekunde 7. Kasi iliyozoeleka kwa vipindi vya watu wazima ni herufi 17 kwa sekunde. Televisheni za zamani za Ulaya zilikuwa taratibu zaidi. Walikwenda kwa kanuni ya sekunde sita, yaani mistari miwili iliyojaa ikae sekunde sita, na hiyo ni kama herufi 12 kwa sekunde. Kwa Kiswahili, herufi 17 ni maneno mawili au matatu. "Wametudanganya" pekee inakula 14.

Sheria hizo zinatokana na macho. Mtu akiongea kwa hasira anaweza kukimbia kuliko tunavyoweza kusoma, na tunaposoma tunatakiwa pia kutazama uso wake, bastola iliyo mezani, na mlango unaofunguka nyuma yake. Nukuu ikizidi kasi, mtazamaji ama anaiacha katikati, ama anaimaliza huku bastola ikiwa imeshalia.

Nichukue tukio moja nililolitunga mwenyewe, ili nisimsingizie mtu. Mdai anaingia gereji. Mdaiwa yuko chini ya gari, mpole, hajawahi kupaza sauti tangu filamu ianze. Mdai anapiga kelele kwa Kiingereza akiuliza hela yake iko wapi. Katikati ya swali amelichomeka lile neno lao la herufi nne linaloanza na F, na mwishoni amemwita mwenzake mtoto wa mbwa jike. Sentensi nzima imemtoka kwa sekunde 1.6.

Sekunde 1.6 mara herufi 17 ni herufi 27. Hiyo ndiyo nafasi yote tuliyonayo.

Tafsiri ya kwanza inayokuja mtu asipofikiri ni "Hela yangu iko wapi, mwana wa mbwa wewe?" Ihesabu: ni herufi 40. Na hapo neno la F bado hujaligusa. Ni daladala yenye viti 27 na abiria 40 wako kituoni, na humu ndani hakuna kusimama. Swali ni nani anabaki.

Dhana ya kwanza ninayoikuta, hata kwa wafasiri wanaoanza, ni kwamba tusi ndilo la kushuka kwanza kwa sababu halibebi habari. Hela ni habari, wapi ni habari, tusi ni kelele tu. Si kweli. Katika tukio hili tusi ndilo linalokuambia huyu mtu amekuja kudai au amekuja kuua. Ukiandika "Hela yangu iko wapi?" unapata herufi 20 safi kabisa, na unapata pia mtu aliyesahau pochi kwenye gari la mwenzake.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa tusi, mfasiri anatafuta nafasi kwingine. La kwanza ni muda. Nukuu inaweza kubaki kidogo baada ya mtu kunyamaza, kama hakuna anayedakia na kama picha haikatwi kwenda kwingine. Tukipata sekunde 0.4 za ziada tunafika 2.0, na nafasi inakuwa herufi 34. Hapo "Hela yangu iko wapi, mshenzi wewe?" inaingia bila kubakisha hata herufi moja, maana ni 34 kamili. Lakini katika gereji yetu picha inakatwa palepale kwenda kwenye uso wa mdaiwa, na nukuu inayovuka mkato wa picha humfanya mtazamaji aanze kuisoma upya akidhani ni mpya. Muda tumeukosa.

La pili ni sarufi. "Hela yangu, mshenzi!" ni herufi 20. Ni kali, na mdomo wa mtaani unaikubali. Ningeichukua mara moja, isipokuwa mdaiwa anajibu, "Sijui ilipo." Jibu hilo linahitaji "wapi" itangulie, la sivyo wanazungumza kila mtu na lake. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu nukuu wanaitazama moja moja badala ya kuitazama pamoja na inayoifuata.

Basi tunamshusha abiria ambaye hakuna atakayemkumbuka, neno "yangu". Dakika tatu zilizopita tumeshaonyeshwa hela ni ya nani. Inabaki hivi, juu namba ya nukuu, kisha saa ya kutokea na ya kupotea:

```
41
00:03:12,000 --> 00:03:13,600
Iko wapi hela, mshenzi?
```

Herufi 23 kwa sekunde 1.6, yaani kama 14 kwa sekunde. Programu kama Subtitle Edit inakuonyesha hesabu hiyo penye Chars/sec, na ukipitiliza rangi inabadilika kukuonya. Zimebaki herufi nne, na unaweza kuuliza mbona sikuzitumia kumrudisha mbwa. "Iko wapi hela, mbwa wewe?" ni herufi 25, inaenea. Hapo ndipo tunapoacha hesabu na kuingia kwenye ukali wenyewe.

Neno la Kiingereza linalotaja mtoto wa mbwa jike limetumika hadi likapauka. Anayelisema hamfikirii mbwa, wala hamfikirii mama wa mtu. Wanaliambia hata gari lililokataa kuwaka. Kiswahili hakijafika huko. Kwa msomaji wa Kiislamu wa Tanga au Mombasa mbwa ana najisi, na kumwita mtu mbwa ni kumtia kwenye najisi hiyo. "Mwana wa mbwa" nayo utaisoma zaidi kwenye tafsiri kuliko utakavyoisikia Manzese. "Mwanaharamu", ambalo wafasiri wengi hulikimbilia, ni herufi 11, na juu ya urefu wake linamshuku mama wa mtu kwa zinaa. Ukiyaweka maneno hayo mahali pa tusi lililopauka, umemwongezea mdai ukali ambao mwandishi wa filamu hakumpa. "Mshenzi" linauma, linasemwa kweli na mtu mwenye hasira, na halimgusi mama.

Mama ndiye mpaka. Kiswahili kina tusi la herufi tano, "nyoko", ambalo ukilifumua kwa maana ya kamusi ni "mama yako" tu, maneno ambayo mwalimu anayatamka mbele ya darasa bila mtu kushtuka. Lile kubwa zaidi la mama, ambalo sitaliandika hapa na kila msomaji analijua, lina herufi nane. Mtu anayesema Kiswahili hakina matusi hajawahi kukaa stendi. Kasoro inayomkuta mfasiri ni nyingine: matusi yetu mazito ni mafupi, na maneno ya kati, yale ya kutosha hasira ya kila siku, ndiyo marefu. "Mwendawazimu", "mlaaniwa wewe". Nafasi ikibana, hesabu ya herufi inakusukuma kuelekea ama "fala", lililo jepesi, ama tusi la mama, lililo zito kupita kiasi. Katikati pana pengo, na ndiyo maana "mshenzi" lenye herufi saba linafanya kazi kama punda kwenye manukuu ya Kiswahili.

Laana ni mtego wa aina hiyo hiyo. Kiingereza kina neno dogo la kulaani ambalo hata mchungaji anaweza kuponyokwa nalo akijigonga kidole. Nilipoanza kazi hii nililiandika "Ulaaniwe!" mahali ambapo mume anamtania mkewe kwa kumshinda kwenye karata. Mhariri wangu, mama wa Kiunguja, alinirudishia faili akiwa ameandika pembeni: "Mwanangu, huyu bwana kamwombea mkewe dua la shari kwa ajili ya mzungu wa nne?" Kwetu laana inasikika ikifika mahali. Tukaweka "Ah, wewe!" na sauti ya mume ikamalizia.

Na hapo kuna jambo ambalo wenye kulalamika hulisahau, kwamba nukuu haisomwi peke yake. Sauti ya mwigizaji inasikika, sura yake inaonekana, mate yanamruka. Mtu akipiga kelele, nusu ya ukali imeshafika kabla jicho halijashuka chini. Kwa hiyo neno linaweza kupungua daraja moja na tukio lisipungue. Kinyume chake kina hatari zaidi. Jambazi anayetukana kwa kunong'ona, huku akitabasamu na kumwekea mwenzake mkono begani, hana kelele ya kumsaidia. Pale neno lenyewe ndilo linalobeba kila kitu, na ukiliandika jepesi watazamaji watadhani wale wawili ni marafiki. Mimi hutafuta nafasi kwa ajili ya mnong'ono kwa bidii kuliko kwa ajili ya kelele. Kwa mtazamaji kiziwi mambo hubadilika, kwa kuwa hasikii kelele wala mnong'ono, na manukuu yanayotengenezwa kwa ajili yake hayana budi kuacha ukali zaidi ndani ya maneno.

Upande wa pili wa mizani ni kwamba maandishi ni mazito kuliko mdomo. Neno likisemwa linapita. Likiandikwa linakaa pale kwenye kioo, kubwa, jeupe, kila aliyeko sebuleni akilisoma kwa wakati mmoja na kila mmoja akijua wenzake wanalisoma. Mpwa wangu alipojua kusoma alikuwa anasoma kila kitu kwa sauti, vibao vya maduka, maandishi ya nyuma ya bajaji, na siku moja nukuu. Babu yake alikuwepo. Tusi la kigeni lilikuwa limesharushwa mara kumi jioni ile bila mzee kugeuka, lakini hilo moja la Kiswahili, kwa kinywa cha mtoto wa miaka sita, lilizima televisheni. Nukuu hiyo haikuwa yangu, namshukuru Mungu.

Vipi kuhusu neno la F nililoliacha kituoni? Katika swali la mdai halikuwa tusi la kumlenga mtu. Lilikuwa pilipili tu, limechomekwa kabla ya neno "hela" ili kulichachua. Kiswahili hatuna kivumishi cha matusi kinachochomekwa popote namna hiyo. Anayejaribu kukibuni anapata vitu kama "hela yangu ya kishenzi", ambavyo vinaifanya hela ndiyo yenye makosa.

Tulichonacho ni kingine, na ni cha bei rahisi ajabu. Tunacho ngeli. Baadaye katika gereji mdai anawaambia vijana wake wamtoe yule bwana nje, na kalichomeka tena neno la F. Ukiandika "Mtoe mtu huyu nje!" ni herufi 18 na ni amri ya askari wa kawaida. Ukiandika "Litoe jitu hili nje!" ni herufi 20. Kwa herufi mbili za ziada umemtoa mtu kwenye ngeli ya binadamu, na hakuna neno hata moja ambalo babu anaweza kuliita tusi. "Mwizi" akiwa "jizi" unapunguza hata herufi. "Kijitu" kinamdhalilisha mtu kwa kumfinya badala ya kumvimbisha. Wafasiri wengi wa lugha nyingine hawana chombo kama hiki, na inanisikitisha kuona tunavyokisahau huku tukihangaika kutafuta neno chafu la kuchomeka.

Kitenzi chetu nacho kinalipa deni. "Nitakuua" ni herufi nane, wakati Kiingereza kinahitaji maneno matatu au manne kusema jambo hilo. Wale wanaosema Kiswahili ni kirefu mno kwa manukuu wanatazama majina, hawatazami vitenzi. Kitisho kwa Kiswahili huwa kifupi kuliko asili yake, na nafasi inayobaki unaweza kuitumia kuongeza tusi ambalo sentensi iliyotangulia ilinyimwa. Wafasiri wanaita hiyo kufidia: ulichokosa hapa unakirudisha kule, mradi kiwe kinywani mwa mtu yuleyule na kabla hasira yake haijapoa.

Sasa tuseme mdai wetu, katika dakika moja ya ugomvi, analirudia neno la F mara kumi na moja. Je, tuliandike mara kumi na moja? Mwaka 1998 mtafiti wa Kigiriki Fotios Karamitroglou alipendekeza kanuni za manukuu kwa ajili ya Ulaya, na kuhusu maneno ya mwiko alisema yasikatwe kwa kudhibiti maadili, isipokuwa pale yanaporudiwarudiwa hadi uchumi wa nafasi ukalazimisha yapunguzwe. Netflix nao wanataka matusi yatafsiriwe kwa uaminifu na mazungumzo yasidhibitiwe. Misimamo hiyo miwili haigongani. Uaminifu ni kwa mtu na tukio, haupimwi kwa idadi.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Napitia tukio zima kwanza bila kutafsiri, natia alama kila tusi, kisha najiuliza lipi linamgonga mtu, lipi ni pumzi tu. Kati ya yale kumi na moja, huenda matatu yanamgonga mtu. La kwanza lazima libaki, kwa sababu ndilo linalotambulisha hasira. La mwisho kabla ya ngumi lazima libaki. Jingine nalibakiza mahali penye muda wa kutosha. Manane yanayobaki mtazamaji anayasikia kwa masikio yake, na nchi zetu hizi hakuna asiyelijua neno la F.

Lakini kuna sababu nyingine ya kubana matumizi, na ndiyo ninayoipenda. Mwisho wa tukio yule mpole anatoka chini ya gari, anafuta mikono kwa kitambaa, anamtazama mdai, na kwa mara ya kwanza katika filamu nzima anatukana. Kwa sauti ya chini. Sekunde 1.1. Maneno yake ya Kiingereza ni mawili, na moja ni lilelile la F ambalo mdai amelichezea tangu aingie. Kwa Kiingereza uzito wake unatoka kwa msemaji, kwamba hata huyu amefika hapa. Hapo nafasi ni herufi 18. Unaweza kuandika "Potelea mbali.", herufi 14, na ukamuua mhusika. Unaweza kuandika "Kwenda zako, mshenzi", na kwanza ni herufi 20, pili umemkopesha tusi la mdai, kana kwamba wote wanatukana kwa lugha moja.

Mimi ningeandika "Nyoko." Herufi sita pamoja na nukta, bila alama ya mshangao kwa sababu hajapaza sauti. Hilo linawezekana tu kwa kuwa dakika zote zilizotangulia mama hakuguswa. Kama ningelitumia tusi la mama kwenye swali la hela, hapa ningebaki na mkono mtupu. Neno moja la Kiingereza kwenye vinywa viwili limezaa maneno mawili ya Kiswahili yasiyofanana hata kidogo. Anayelinganisha neno kwa neno ataona kosa hapo.

Ndiyo maana orodha za "tusi hili tafsiri yake ni hii" hazinisaidii, ingawa wateja wengine huzituma. Uzito wa neno hauko sawa hata ndani ya Kiswahili. "Pumbavu" nchini Kenya lilizoeleka kinywani mwa Rais Mwai Kibaki kiasi cha wachekeshaji kulifanya lao, na msomaji wa Nairobi anaweza kutabasamu pale ambapo wa Morogoro anakunja uso. "Shoga" kwa mwanamke wa pwani ni rafiki yake wa kike, na kwa wengine ni neno la kumnyooshea mtu kidole. Kuna neno jingine la herufi sita ambalo vijana wa Dar wanarushiana ovyo kana kwamba ni "fala", lakini likiandikwa linawalenga watu wa kundi fulani. Kama asili haikulenga kundi lolote, mfasiri asilitie, hata kama linaenea vizuri kwenye nafasi. Kuongeza chuki ambayo haikuwepo ni kosa kubwa kuliko kupunguza hasira iliyokuwepo.

Mtu ataniuliza: mbona DJ Afro na watafsiri wetu wa vibanda umiza wanatukana watakavyo? Kwa sababu wao wanasema, hawaandiki. Sauti yao inapanda juu ya sauti ya filamu, wanaweza kuendelea kuongea picha ikiwa imeshahama, na wanaruhusiwa kutunga tusi ambalo mwigizaji hakulitoa, watu wacheke. Hawana kikomo cha herufi wala asili inayosikika ya kuwaumbua. Mfasiri wa manukuu anasikilizwa na kusomwa kwa wakati mmoja, na shemeji yangu yuko pale anahakiki kila neno.

Udhibiti upo, sikatai. Nchini Kenya kanuni za utangazaji zinataka vipindi vya kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku vifae kwa familia, na kituo kitakachoonyesha filamu saa 2 usiku kitamwambia mfasiri apunguze. Shirika la ndege nalo hulegeza lugha, abiria wa jirani asije akasoma kioo cha mwenzake. Hayo ni maagizo ya mteja, na dalili zake si zile za nafasi finyu. Tusi likilegea pale tu watu wanapoongea haraka, huku likirudisha makali yake kwenye mazungumzo ya taratibu, basi ni herufi. Likilegea kila mahali, hata penye sekunde nne za kimya na mstari mmoja mtupu, basi ni agizo au ni woga. Simamisha picha, hesabu herufi, rudi nyuma, hesabu sekunde, zidisha kwa 17.

Nilimfundisha shemeji hesabu hiyo palepale kwenye simu. Akarudisha filamu nyuma. Nikamsikia anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akafika nne na jamaa ndiyo kwanza anamaliza. Hakuna aliyedakia, na picha haikukatwa. Sekunde nne ni herufi 68. "Potea, mshenzi" ni herufi 14.

"Kwa hiyo?" akaniuliza.

Nikamwambia safari hii ana haki ya kulalamika.